Kamisheni, ushuru wa stempu na spredi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaonunua na kuuza hisa kila mara

Haya maswali nayapata sana kwa watu wa hapa Tanga, wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni, mpaka Pongwe huko, wengi wameanza kununua hisa kwa simu na wakishazoea kubonyeza wanaanza kununua na kuuza kila wiki. Nimeyaweka pamoja. Mifano ya bei ni ya kutengeneza ili hesabu ieleweke, usiichukue kama bei ya hisa fulani leo.

Nilinunua kwa 510, leo naona imefika 520, nikauza, mbona hela iliyoingia ni pungufu ya niliyotoa?

Kwa sababu zile shilingi kumi ulizoziona kwenye skrini zililiwa kabla hazijakufikia. Ulipokuwa unanunua ulikatwa, ulipokuwa unauza ukakatwa tena, na katikati hapo bei uliyonunulia na bei uliyouzia siyo za upande mmoja. Kwenye soko letu la hisa la Dar es Salaam, DSE, kwa mtu mwenye mtaji wa kawaida, hisa inabidi ipande kama asilimia 6 hivi ndio urudishe ulichotoa, na hapo bado hujapata hata senti ya faida. Wewe yako ilipanda asilimia 2. Kwa iyo hakuna aliyekuibia, ni gharama za kuingia na kutoka, na ntakuonyesha zinatoka wapi moja moja.

Kamisheni ni kiasi gani haswa?

Dalali kwenye DSE anakata kwa asilimia ya thamani ya mauzo au manunuzi. Viwango ni 1.7% kwa milioni 10 za mwanzo, 1.5% kwa milioni 40 zinazofuata, na 0.8% kwa kinachozidi milioni 50. Wengi wetu huku tunaingia na laki kadhaa au milioni mbili tatu, basi sisi ni watu wa 1.7%.

Halafu kuna tozo ndogo ndogo ambazo watu hawazisomi. Soko lenyewe linachukua 0.14%, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana 0.14%, mfuko wa fidia 0.02%, na hifadhi ya hisa ile inayotunza akaunti yako ya CDS 0.06%. Ukizijumlisha unapata 0.36%. Ukiweka na 1.7% ya dalali inakuwa 2.06%, na hapo ni kabla ya VAT. Kwenye kontrakti noti yako, yani ile karatasi ya dalali inayoonyesha ulichonunua au kuuza na makato yake, angalia mstari wa VAT, ukiukuta ongeza kwenye hesabu zote ntakazofanya hapa chini, maana mimi nimetumia 2.06% kavu.

Kitu ambacho watu hawakishiki haraka ni kwamba hiyo 2.06% ni ya upande mmoja. Unaponunua unakatwa, unapouza unakatwa tena kwa thamani nzima, siyo kwa faida. Umeuza kwa hasara? Unakatwa vilevile.

Spredi ni nini, na mbona siioni kwenye kontrakti noti?

Ukienda duka la kubadilisha fedha ukaangalia ule ubao, dola ina bei mbili, moja wanayokununulia na nyingine wanayokuuzia. Ukinunua dola ukageuka hapohapo ukawauzia, umeshapoteza, na hakuna risiti inayosema umetozwa. Hisa ni vilevile. Muda wowote kuna bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi yuko tayari kutoa, tuseme 500, na bei ya chini kabisa ambayo muuzaji yuko tayari kukubali, tuseme 510. Hiyo tofauti ya shilingi 10 ndio spredi.

Ukitaka hisa sasa hivi unalipa 510. Ukitaka kuuza sasa hivi unapata 500. Thamani yenyewe ya hisa iko kama katikati hapo, 505, kwa iyo kila unapoingia kwa haraka unaacha shilingi 5 mezani, na kila unapotoka kwa haraka unaacha 5 nyingine. Kwenye kontrakti noti haimo kwa sababu siyo tozo ya mtu yeyote, imeshaingia ndani ya bei. Ndio maana mtu anaweza kulalamikia kamisheni mwaka mzima asijue kwamba karibu theluthi moja ya gharama yake ni spredi.

Naomba hesabu nzima ya kununua na kuuza mara moja, kwa shilingi, siyo kwa asilimia.

Sawa. Tuchukue mtu ana duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, ameweka pembeni kama milioni 2.6. Bei ya mnunuzi ni 500 na ya muuzaji ni 510. Anachukua hisa 5,000 kwa 510.

Thamani ya hisa ni 2,550,000. Anakatwa 2.06%, yani 52,530. Jumla imemtoka 2,602,530.

Sasa tuseme soko halijasogea kabisa, bei ni zilezile, halafu amebadili mawazo anauza. Anauza kwa 500, inakuwa 2,500,000. Anakatwa 2.06% tena, yani 51,500. Mkononi inamrudia 2,448,500.

Amepoteza 154,030 na hisa haijashuka hata shilingi moja. Humo kamisheni na tozo ni 104,030, na spredi ni 50,000, yani shilingi 10 mara hisa 5,000. Ukiigawanya kwa alichotoa unapata asilimia 5.9.

Sasa geuza swali, bei ya mnunuzi inabidi ifike ngapi ili arudishe hela yake? Inabidi ifike 532. Kwa 531 bado ana hasara ya kama elfu mbili, kwa 532 anapata kama elfu mbili na mia saba. Kwa iyo kutoka 500 mpaka 532 yote ni ya gharama, na hiyo namba, 532, ndio ningependa kila mtu aiandike kwenye karatasi kabla hajabonyeza kitufe cha kununua. Wengi wanaandika bei waliyonunulia, 510, wakiona 515 wanajiona wako kwenye faida wanauza, kumbe wako kwenye hasara.

Asilimia 6 siyo mbaya, biashara gani haina gharama? Mbona unaikuza hivyo?

Mara moja siyo mbaya, nakubali kabisa. Shida ni kurudia, na hapa ndio naomba mtulie maana ndio kiini chenyewe.

Chukua hisa ambayo imepanda asilimia 20 kwa mwaka, huo ni mwaka mzuri sana. Mtu wa kwanza amenunua zile 5,000 Januari akakaa, bei ya mnunuzi ikatoka 500 ikafika 600, akauza. Anapata 3,000,000, anakatwa 61,800, zinabaki 2,938,200. Faida yake ni 335,670, yani asilimia 12.9. Skrini ilisema 20, yeye amepata karibu 13. Inauma kidogo ila ni faida.

Mtu wa pili ana hela ileile, lakini kila miezi mitatu anauza anahamia hisa nyingine ambayo nayo inapanda kwa kasi ileile na ina spredi ileile. Sijampa mkosi wowote, hajachagua vibaya hata mara moja, kila hisa anayoingia inapanda kama ya mwenzake. Kila mzunguko unamwachia kama shilingi 94 katika kila 100. Mizunguko minne inamwachia 78. Ukiweka na ile asilimia 20 iliyopanda anamaliza mwaka na kama 2,446,800. Alianza na 2,602,530. Amepoteza zaidi ya laki moja na nusu kwenye mwaka ambao soko limepanda asilimia 20.

Mtu wa tatu anahama kila mwezi. Mizunguko 12. Gharama peke yake zinamwachia 48 katika kila 100, na hata ukimwekea ile asilimia 20 anaishia na kama milioni 1.5. Milioni moja na laki moja imeondoka. Huyu ndio anayekuja kuniambia soko la hisa la Tanzania ni la wizi, na mimi namwelewa uchungu wake kwa sababu hela yake imeondoka kweli, lakini imeondoka kwa elfu hamsini hamsini ambazo kila moja aliiona ndogo.

Watu wanadhani gharama inapunguza faida, yani ukipata 20 unakatwa kidogo. Hapana, inakata mtaji mzima kila mara, na mzunguko unaofuata unaanza na mtaji uliokwisha kupungua. Ili huyu wa kila mwezi abaki palepale tu anahitaji hisa zake zipande zaidi ya asilimia 6 kila mwezi, mwezi baada ya mwezi. Sijui mtu anayeweza hilo.

Mimi nachagua vizuri, nafuatilia habari, ripoti za robo mwaka nasoma. Haitakuwa tofauti kwangu?

Inawezekana unachagua vizuri. Lakini swali siyo kama unachagua vizuri, ni kama unachagua vizuri kiasi cha kulipia kuhama kwako. Ukiuza hisa A kwenda hisa B, B inabidi iizidi A kwa kama asilimia 6 kwenye mfano wetu ndio kuhama kuwe na maana. B ikiwa nzuri kuliko A kwa asilimia 3, ulikuwa sahihi na bado umepata hasara.

Kuna utafiti wa Wamarekani wawili, Brad Barber na Terrance Odean, ulichapishwa mwaka 2000. Walichukua kumbukumbu za kaya 66,465 zilizokuwa na akaunti kwa dalali mmoja, kuanzia 1991 mpaka 1996. Waliokuwa wananunua na kuuza sana kuliko wote walipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa 17.9. Cha kuzingatia ni kwamba kabla ya kutoa gharama, wanaouza sana na wanaouza kidogo walikuwa hawapishani sana. Yani hawakuwa wajinga wa kuchagua. Tofauti ililetwa na kamisheni na spredi. Na hao ni Marekani, kwenye soko lenye wanunuzi kila sekunde, sisi kwetu spredi ni pana zaidi.

Ushuru wa stempu nao upo? Binamu yangu yuko London anasema wao wanakatwa.

Binamu yuko sahihi na wewe kwa hapa huna haja ya kuogopa. Hisa zilizoorodheshwa DSE zikiuzwa kupitia soko hazitozwi ushuru wa stempu. Hiyo ni moja ya nafuu walizopewa wanaonunua sokoni, ila ukienda kununua hisa za kampuni ambayo haijaorodheshwa, mkakaa na mwanasheria mkasaini hati, hapo ushuru upo.

Uingereza ni 0.5% ya thamani, analipa mnunuzi tu, muuzaji halipi, na wanatoza hivyo tangu 1986. Haijalishi mnunuzi anaishi wapi, ukiwa umekaa Raskazone ukanunua hisa ya kampuni ya Uingereza unalipa. Ireland ni 1%. Hong Kong wanatoza 0.1% kwa mnunuzi na 0.1% kwa muuzaji. China wao wanatoza muuzaji tu, na tangu Agosti 2023 ni 0.05%.

Chukua binamu ana pauni 2,000, ananunua hisa ya kampuni kubwa. Tuseme dalali wake anachukua pauni 6 kununua na 6 kuuza, spredi ni ndogo, kama pauni 2 kwa kwenda na kurudi. Ushuru wa stempu ni pauni 10. Jumla pauni 24, asilimia 1.2. Ni ndogo sana ukilinganisha na zetu, ila ona kwamba ushuru peke yake unazidi spredi, na unazidi kamisheni ya kununua au ya kuuza ukiichukua moja moja, na yeye hana namna ya kuupunguza, kamisheni anaweza kutafuta dalali wa bei nafuu, spredi anaweza kusubiri, ushuru haubembelezeki. Akizungusha hela hiyo mara 12 kwa mwaka ushuru peke yake ni pauni 120, yani asilimia 6 ya mtaji wake, na anaulipa hata kwenye zile alizouza kwa hasara kwa sababu unatozwa kwenye kununua, siyo kwenye faida. Jumla yote na kamisheni inafika 288. Kwa iyo hata kwenye soko la gharama ndogo, anayeruka ruka analiwa.

Niliona muuzaji wa 510, nikanunua, kontrakti noti ikaja na wastani wa 517. Dalali kanidanganya?

Mara nyingi hapana. Ile 510 uliyoiona ina idadi yake pembeni na hukuiangalia. Tuseme ulitaka 5,000. Kwa 510 zilikuwepo 1,200 tu. Baada ya hapo kuna mwingine anauza 2,000 kwa 515, na mwingine ana nyingi kwa 525. Oda yako ya kununua kwa bei yoyote ya soko ilikula zile 1,200, ikapanda ikala 2,000, ikapanda tena ikachukua 1,800 kwa 525. Jumla 2,587,000, gawanya kwa 5,000 unapata 517.4. Umelipa 37,000 zaidi ya ulivyodhani, na hii haiitwi kamisheni wala tozo, na huwezi kuidai.

Hili linatokea zaidi kwenye hisa ambazo mmiliki mmoja mkubwa ameshika zaidi ya nusu ya kampuni, kwa sababu zinazobaki kuzunguka sokoni ni chache. Watu wa hapa wanapenda kuulizia hisa za kiwanda cha saruji cha Pongwe, Tanga Cement, ambayo iko DSE tangu 2002, na naelewa mapenzi hayo maana kiwanda tunakiona kwa macho. Lakini ni mfano mzuri wa kampuni yenye mmiliki mkubwa, kwa iyo kabla ya kuingia au kutoka angalia kwanza idadi iliyopo kila upande, siyo bei peke yake. Kuna siku upande wa wanunuzi unakuta hisa mia mbili tu. Ukiwa na 5,000 za kuuza kwa haraka siku hiyo, bei utakayopata siyo ile unayoiona.

Nifanyeje basi spredi isinile?

Weka oda ya limiti, yani unataja bei yako mwenyewe. Badala ya kumfuata muuzaji kwa 510 unaweka oda ya kununua kwa 502, unakuwa wa kwanza kwenye foleni ya wanunuzi, unasubiri mtu mwenye haraka aje akuuzie wewe. Ukifanikiwa umeokoa shilingi 8 kwa kila hisa, kwenye 5,000 hiyo ni 40,000, karibu gharama yote ya spredi.

Ila kuna bei yake na watu hawaambiwi. Kwanza, oda inaweza isikamilike, hisa ikapanda ukabaki unaiangalia. Pili, na hii ni ya kufikiria, oda yako inajazwa haraka zaidi siku ambayo habari mbaya zimetoka na kila mtu anakimbia kuuza. Siku ya habari njema hakuna anayekuuzia kwa 502. Kwa iyo usiache oda yako ikae wiki nzima bila kuiangalia, hasa wakati wa kutolewa matokeo ya kampuni. Kama hela yako ni ya kukaa miaka, subiri, hauna haraka. Kama unaona lazima uingie leo leo, basi hiyo haraka ina bei na bei yake ni spredi.

Na kwa kamisheni hakuna ujanja mwingi. Unaweza kuuliza dalali kabla ya kufungua akaunti jumla yote ni asilimia ngapi pamoja na VAT, akuandikie. Ila kinachopunguza kamisheni kweli ni kuuza mara chache.

Nanunua kabla ya gawio, nachukua gawio, nauza. Hiyo si faida ya bure?

Tufanye hesabu. Hisa 5,000, gawio shilingi 30 kwa hisa, ni 150,000. Kodi ya zuio kwenye gawio la kampuni iliyoorodheshwa ni 5%, unabaki na 142,500. Kuingia na kutoka kulikugharimu 154,030. Umeshapata hasara ya 11,530 na hapo nimejifanya bei haijashuka. Kwa kawaida bei inashuka baada ya kufungwa daftari la majina ya watakaopata gawio, maana anayenunua siku hiyo hapati tena lile gawio, hawezi kulipa bei ileile. Na kumbuka hisa za DSE zinachukua siku tatu za kazi kukamilika, kwa iyo aliyenunua jana ya kufunga daftari hata jina lake halijaingia. Hii mbinu naiona inasambaa sana kwenye magrupu na inaniuma kwa sababu anayeifuata ni mtu mwenye mtaji mdogo.

App ya forex wanasema kamisheni sifuri. Si bora niende huko?

Kamisheni sifuri siyo gharama sifuri, imehamia kwenye spredi. Tuseme una akaunti ya dola 100, unatumia loti 0.01 kwenye EUR/USD, hapo pipi moja, yani hatua ndogo ya kusogea kwa bei, ni senti 10 za dola. Spredi pipi 1.5, kila ukifungua oda umeshatoka senti 15. Unaona ndogo, siyo? Vijana wengi wanafungua oda kumi kwa siku. Siku 20 za mwezi ni oda 200, mara senti 15 ni dola 30. Asilimia 30 ya akaunti kwa mwezi mmoja, kabla hujajua ulikuwa sahihi au la. Na usiku, au habari kubwa zinapotoka, spredi inatanuka, ile 1.5 unaweza kuikuta mara kadhaa ya hapo. Sasa ukisikia mtu anasema "nashinda nusu ya oda zangu lakini akaunti inaisha", jibu ndio hilo.

Nitajuaje mwaka huu nimeliwa kiasi gani?

Toa kontrakti noti zako zote za mwaka. Jumlisha mistari yote ya kamisheni, tozo na VAT, za kununua na za kuuza. Hiyo ni nusu ya kwanza ya kazi na ni rahisi.

Nusu ya pili ni spredi, na hiyo inataka uwe umeandika wakati ule. Kila unapoweka oda andika bei ya mnunuzi na ya muuzaji zilizokuwepo, chukua katikati yake. Ukija kupata bei halisi, angalia imepishana kiasi gani na ile katikati, zidisha kwa idadi ya hisa. Kwenye mfano wetu katikati ni 505, umenunua kwa 510, tofauti 5 mara 5,000 ni 25,000. Kama hukuandika kwa mwaka uliopita, anza sasa, na kwa uliopita chukua nusu ya spredi ya kawaida ya hisa hiyo kama makadirio.

Jumlisha zote mbili, gawanya kwa wastani wa mtaji uliokuwa nao mwaka huo. Ukipata asilimia 3 au 4 uko salama. Ukipata 15 au 20, hisa zako zinakufanyia kazi ya kulipa gharama tu, na tatizo siyo hisa ulizochagua.

Kwa iyo nisiuze kabisa?

Sijasema hivyo. Kuna sababu za kuuza ambazo asilimia 3 ya kutoka haizizuii. Unahitaji ada ya mtoto, uza. Kampuni imeharibika, deni limeizidi, gawio wamelikata na hawaelezi kwa nini, uza, maana kubaki ni ghali zaidi. Kuna nyingine inayokupa matumaini makubwa kuliko hii kwa mbali, yani kwa zaidi ya gharama ya kuhama, na umekaa nalo hilo wazo mwezi mzima bado unaliona hivyohivyo, hama. Kinachowamaliza watu ni kuuza kwa sababu bei imesogea shilingi kumi na vidole vinawasha.

Kila mwezi nanunua kidogo kidogo, laki moja, siuzi. Na mimi nakatwa kama hao?

Hapana, wewe ni tofauti kabisa na swali hili naulizwa na kina mama wengi wa vikoba. Unakatwa upande mmoja tu, kama 2,060 kwenye laki, na nusu ya spredi, halafu imekaa. Ile hela ya Januari haikatwi tena mwezi wa pili, inakatwa ile mpya peke yake. Na kwa kuwa kamisheni ni asilimia, kununua laki moja mara 12 au milioni na laki mbili mara moja ni sawa.

Isipokuwa kitu kimoja, muulize dalali wako kama ana kiwango cha chini kwa kila oda. Akisema hakati chini ya elfu kumi, basi kwenye laki moja umekatwa asilimia 10, na hapo ni heri ukusanye miezi mitano au sita ndio uweke oda moja.